Mkato, nukta mbili au kuacha wazi: jinsi ya kufungua na kufunga barua pepe ya Kiingereza

Katika barua pepe ya kikazi ya Kiingereza, katikati si tatizo kubwa. Mtu anajua anachotaka kusema, na akisema kwa sentensi fupi ataeleweka. Anakokwama ni mstari wa kwanza na ule wa mwisho. Baada ya “Dear Ms Brown” aweke mkato, nukta mbili, au asiweke kitu? Na “Yours sincerely” inabeba herufi kubwa moja au mbili? Akiuliza watu watatu hupata majibu matatu, kila mmoja akiapa kwamba lake ndilo sahihi.

Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Kiingereza kina taratibu tatu za kuakifisha mistari hiyo miwili, na kila moja ni sahihi ikiwa kamili. Kinachoharibu barua ni kuchukua kichwa cha utaratibu mmoja na kukiunganisha na mkia wa mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza alama gani ni sahihi, chagua kwanza utaratibu, kisha ufuate mpaka mwisho.

Huu ndio wa kwanza, wa mkato juu na mkato chini:

```
Dear Ms Brown,

Thank you for your letter.

Yours sincerely,
Anna Moss
```

Huu ni wa pili, wa Kimarekani rasmi, wenye nukta mbili juu na mkato chini:

```
Dear Ms. Brown:

Thank you for your letter.

Sincerely,
Anna Moss
```

Na huu ni wa tatu, wa kuacha wazi, ambao hauna alama yoyote mwishoni mwa salamu wala mwishoni mwa maneno ya kufungia:

```
Dear Ms Brown

Thank you for your letter.

Yours sincerely
Anna Moss
```

Utaratibu wa mkato ndio wa kawaida Uingereza na katika nchi zinazofuata Kiingereza cha huko. Marekani nako unatumika, ila kwa barua isiyo rasmi sana, kwa mfano kwa mtu mnayefahamiana au mwenzako wa kazini. Hapo ndipo ubora wake ulipo: hakuna msomaji wa Kiingereza popote atakayeuona kuwa ni kosa. Ubaya mkubwa kabisa unaoweza kutokea ni Mmarekani wa ofisi yenye mambo ya kirasmi kuona umemzoea kidogo. Ukilinganisha na hasara za taratibu nyingine mbili, hiyo ni ndogo sana. Kwa mtu anayeandikia watu wa nchi mbalimbali bila kujua desturi zao, mimi ningemwambia achague mkato na aendelee na kazi yake.

Nukta mbili ina eneo dogo zaidi. Ni ya Marekani, ni ya barua rasmi, na inakaa vizuri pale ambapo mpokeaji ametajwa kwa cheo na jina la ukoo, au kwa wadhifa wake tu. Ukiandika “Dear Anna:” kwa mtu unayemwita kwa jina la kwanza, mambo mawili yanavutana: jina linasema mnajuana, alama inasema hamjuani. Msomaji huhisi ubaridi fulani hata kama hawezi kueleza umetoka wapi. Kosa jingine la utaratibu huu liko chini. Mtu akishaweka nukta mbili juu, hudhani usawa unamtaka aweke nukta mbili baada ya “Sincerely” pia. Hapana. Mwishoni ni mkato tu. Nukta mbili huitangulia habari inayokuja, na baada ya “Sincerely” hakuna habari inayokuja isipokuwa jina lako.

Utaratibu wa kuacha wazi ulienea katika ofisi za Uingereza enzi za taipureta, ambapo kila alama iliyopunguzwa ilikuwa pigo moja la kidole lililookolewa. Hoja yake bado ina mantiki: mstari umeshakatika, nafasi tupu imeshaonyesha kwamba salamu imekwisha, mkato unaongeza nini? Sharti lake ni moja na halina msamaha. Ukiacha wazi juu, unaacha wazi na chini. Barua yenye “Dear Ms Brown,” kwa mkato na “Yours sincerely” bila mkato ndiyo kosa ninaloliona kuliko mengine yote, na huwa halitokani na kutojua bali na kusahau, kwa sababu mistari hiyo miwili imetenganishwa na barua nzima. Tena utaratibu huu unahusu mistari hiyo tu pamoja na anwani. Sentensi za ndani zinabaki na nukta na mikato yake yote.

Kuna jambo moja linalonifanya nisiupendekeze kwa barua pepe, ingawa kwenye karatasi ni nadhifu. Kisanduku cha barua, hasa kwenye simu, huonyesha maneno machache ya mwanzo chini ya kichwa cha habari, na programu huyaunganisha kwenye mstari mmoja. Nafasi tupu iliyokuwa ikifanya kazi ya mkato hupotea. Mpokeaji anaona hivi kabla hajafungua:

```
Dear Ms Brown Thank you for your letter.
```

Mkato mmoja ungezuia mgongano huo. Ikiwa ofisi yako ina mwongozo unaosema mwache wazi, fuata mwongozo. Kama huna mwongozo, huna sababu ya kuuchagua.

Alama nyingine hazina utaratibu unaozikubali katika barua rasmi. Nukta mkato baada ya salamu ni kosa kila mahali, nadhani huzaliwa na mtu anayekumbuka kwamba kuna alama yenye nukta na mkato lakini hakumbuki ni ipi. Nukta ya mwisho wa sentensi baada ya “Dear Ms Brown” pia ni kosa, maana salamu hiyo si sentensi. Alama ya mshangao iko sawa baada ya “Hi Anna” kati ya watu waliozoeana, na haiko sawa baada ya “Dear” ya kikazi.

Katika mifano ile mitatu kuna tofauti ndogo ambayo huenda umeipita: “Ms.” ya Marekani ina nukta, “Ms” ya Uingereza haina. Waingereza wana kanuni kwamba neno lililofupishwa likibakiza herufi yake ya mwisho halihitaji nukta. Ndiyo maana “Mr”, “Mrs” na “Dr” huachwa bila nukta, na “Ms” hufuata mkumbo, ilhali “Prof.” iliyokatwa mkia mara nyingi hupewa. Wamarekani hawana hesabu hiyo. Vyote vinapewa nukta.

Nukta hiyo ndogo ina faida kwa mtu anayetaka kuchagua utaratibu. Ikiwa unajibu barua, tazama jinsi mwenzako alivyoandika cheo. Akiwa ameandika “Dear Mr. Brown:” au hata “Dear Mr. Brown,” kwa nukta, kuna uwezekano mkubwa ameukulia utaratibu wa Kimarekani, na nukta mbili hazitamshangaza. Akiwa ameandika “Mr Brown” bila nukta, nukta mbili zitamshangaza. Kinachopaswa kuepukwa ni “Dear Ms Brown:” bila nukta ya cheo lakini na nukta mbili za salamu, au “Ms.” yenye nukta ikifuatwa na “Yours faithfully” ya Kiingereza safi cha Uingereza. Hakuna atakayekurudishia barua kwa sababu hiyo, lakini mhariri au mtu wa ajira mwenye jicho kali ataona kwamba mwandishi amenakili vipande kutoka barua mbili.

Sasa mkato wa ndani ya salamu yenyewe, maana hapa watu huchanganyikiwa zaidi. Linganisha:

```
Dear Anna,
Dear, Anna
Hi Anna,
Hi, Anna.
```

“Dear” ni kivumishi kinachomwelezea Anna. Kivumishi hakitenganishwi na jina lake kwa mkato, kwa hiyo mstari wa pili ni kosa bila mjadala, katika nchi zote na katika taratibu zote tatu. “Hi” ni kitu kingine. Ni kihisishi, kinasimama peke yake, na kanuni ya kale ya Kiingereza inasema jina la mtu anayeitwa litengwe kwa mkato. Kwa kanuni hiyo mstari wa nne ndio ulio sahihi kabisa, na mstari wa tatu ni uzembe. Lakini fungua kisanduku chochote cha barua za Kiingereza uone: wa tatu ndio unaotawala, hata kwa watu wanaoandika kwa uangalifu mkubwa. Desturi imeishinda kanuni, na “Hi, Anna,” yenye mikato miwili, ambayo ingeziridhisha zote mbili, inaonekana kama mtu anayekwama kwenye kila hatua.

Ushauri wangu hapa haufuati usahihi wa kisarufi. Andika “Hi Anna,” bila wasiwasi. Ukiwa unamwandikia mhariri au mwalimu wa sarufi, tumia “Hi, Anna.” kwa nukta mwishoni, utakuwa umemfurahisha. Salamu kama “Good morning, Anna” zinabeba mkato huo vizuri zaidi kwa sababu ni ndefu na zinahitaji pumzi, ingawa na zenyewe siku hizi huonekana bila mkato.

Wakiwa wapokeaji wawili au watatu, mkato wa orodha huingia ndani ya salamu na hauathiri alama ya mwisho. Mwingereza kwa kawaida ataandika “Dear Anna, John and Peter,” na Mmarekani mara nyingi ataongeza mkato kabla ya “and”. Wakizidi hapo, majina yanageuka mzigo. Andika “Dear all,” na mambo yaishe.

Hiyo “Dear all” inatupeleka kwenye herufi kubwa, ambako kuna imani moja inayosababisha makosa mengi: kwamba herufi kubwa ni heshima, na kwamba ukimheshimu mtu zaidi unaongeza herufi kubwa. Herufi kubwa katika mistari hii zina kazi mbili tu. Zinaanzisha mstari, na zinaonyesha jina la mtu au neno linalokaa mahali pa jina. “Sir” na “Madam” katika “Dear Sir or Madam,” zina herufi kubwa kwa sababu zimesimama pale ambapo jina lingesimama. Vivyo hivyo “Dear Editor,” na “Dear Hiring Manager,”. Katika “Dear colleagues,” neno la pili linataja kundi tu, ndiyo maana herufi ndogo inatosha. “Dear All” kwa herufi kubwa utaiona sana, na wapo wanaoitetea wakisema “All” imechukua nafasi ya majina. Sitagombana nao; ninapendelea ndogo. Na “dear” yenyewe ikisukumwa ndani, kama katika “My dear Anna,” inarudi kuwa ndogo, kwa kuwa haianzishi tena mstari.

Chini, kanuni ni nyepesi zaidi: neno la kwanza tu ndilo lenye herufi kubwa.

```
Yours sincerely,      si   Yours Sincerely,
Kind regards,         si   Kind Regards,
Best wishes,          si   Best Wishes,
Many thanks,          si   Many Thanks,
```

Safu ya kulia imejaa kila mahali kiasi kwamba wengi huiona kuwa ndiyo sahihi. Nadhani inatoka kwenye kazi za kubuni: saini za barua pepe hutengenezwa kama kadi za biashara, na kwenye kadi cheo na jina la idara huanza kwa herufi kubwa kila neno, basi salamu ya juu yake ikabebwa na mkondo huo huo. Ukitaka kuamua, kumbuka kwamba “regards” haisimami mahali pa jina la mtu yeyote, kwa hiyo haina haki ya herufi kubwa ikiwa neno la pili. Ikiwa peke yake, “Regards,” inapata herufi kubwa kwa kuwa inaanzisha mstari.

Kuna mahali pamoja ambapo Wamarekani wanavunja mpangilio huu kwa makusudi, nako ni “To Whom It May Concern:” ambayo kwao huandikwa na herufi kubwa kila neno, kama kichwa cha habari, na kufungwa kwa nukta mbili. Mwingereza anaweza kuandika “To whom it may concern” na kuacha herufi moja kubwa. Zote zinapita. Mwenyewe ningejaribu kwanza kutafuta wadhifa wa mpokeaji kabla ya kuitumia, kwa sababu inasikika kama tangazo la ukutani.

Herufi ya kwanza ya sentensi inayofuata salamu pia huwatatiza watu, hasa waliosoma Kijerumani. Baada ya mkato wa salamu Wajerumani huendelea kwa herufi ndogo, wakihesabu kwamba sentensi haijakatika, na baada ya maneno yao ya kufungia hawaweki mkato kabisa. Kiingereza kinafanya kinyume mara zote mbili: sentensi ya kwanza inaanza kwa herufi kubwa ingawa kabla yake kuna mkato, na maneno ya kufungia yanapata mkato wake. Mtu anayeandika lugha zote mbili kwa siku moja hana budi kuwa macho. Barua ya Kiswahili ina nafuu, kwa sababu inafuata njia ile ile ya Kiingereza: “Mpendwa Bi. Amina,” kisha herufi kubwa, na mwishoni “Wako mwaminifu,” yenye herufi kubwa moja na mkato.

Tukifika kwenye kuchagua maneno ya kufungia, kuna ulinganisho mmoja wa kanuni na mwingine wa hisia. Wa kanuni ni huu wa Uingereza. Ukifungua bila jina, yaani kwa “Dear Sir or Madam,” unafunga kwa “Yours faithfully,”. Ukifungua kwa cheo na jina la ukoo, unafunga kwa “Yours sincerely,”. Anayesoma barua yako haangalii “faithfully” ni nzuri kuliko “sincerely”. Anaangalia kama mkia unalingana na kichwa. “Dear Ms Brown,” ikifuatwa na “Yours faithfully,” inamwambia kwamba barua iliandikwa kwa mtu yeyote, kisha jina lake likabandikwa. Wamarekani hawana mgawanyo huo. Wao huandika “Sincerely,” au “Sincerely yours,” katika hali zote mbili, na “Yours faithfully” kwao ina harufu ya ng'ambo.

Tahajia nayo ina mitego miwili. “Yours” haina ritifaa kamwe. “Your's” si neno. Na “sincerely” inabakiza ile “e” kabla ya “ly”, ingawa ulimi huimeza, kwa hiyo utaikuta imeandikwa “sincerly” na watu wenye shahada.

Ulinganisho wa hisia unahusu “regards”. “Yours sincerely” ni ya barua ya kwanza, ya maombi, ya malalamiko, ya mkataba. “Kind regards,” ni ya mawasiliano yanayoendelea, pale ambapo mmeshaandikiana mara moja au mbili. “Best regards,” inakaribiana nayo sana kiasi kwamba sioni sababu ya kupoteza muda kuchagua kati ya hizo mbili. “Regards,” tupu ni kavu. Kwa baadhi ya wasomaji ni ya kawaida, kwa wengine ni dalili kwamba umeudhika, hasa kama barua zilizotangulia zilikuwa na “Kind regards,” na leo neno la kwanza limetoweka. Herufi ya mwisho isisahaulike: ni “regards” yenye “s”, kwa kuwa “Kind regard” haitumiki kufunga barua. Na “Thanks & Regards” yenye alama ya “&” na herufi kubwa mbili ningeiacha kabisa. Shukuru katika sentensi yake, halafu funga kwa maneno yake.

Tuchukue sasa barua moja yenye magonjwa mengi, tuone jinsi ya kuchagua hatua kwa hatua. Mwandishi anaomba kazi. Tangazo limetaja jina la anayepokea maombi, na limeandikwa “Mr Brown” bila nukta.

```
Dear, Mr. John Brown;

i am writing to apply for the post of clerk.

Looking forward to hearing from you,
Yours Faithfully.
Anna Moss.
```

Anza na cheo. Tangazo halina nukta, basi tunafuata njia ya Uingereza: “Mr”, na mkato badala ya nukta mbili. Mkato wa baada ya “Dear” unaondoka. Nukta mkato inaondoka. “John” pia inaondoka, kwa sababu cheo huambatana na jina la ukoo; cheo pamoja na majina yote mawili ni cha kwenye bahasha. Angekuwa hajui kama mpokeaji ni mwanamume au mwanamke, “Dear Sam Brown,” bila cheo chochote ingekubalika, na hilo ni bora kuliko kubahatisha.

Sentensi ya kwanza inapata herufi kubwa kwa sababu mbili: inaanzisha sentensi, na kiwakilishi “I” cha Kiingereza huwa kikubwa popote kilipo.

Mstari wa “Looking forward” unahitaji kufikiriwa zaidi kidogo. Umeandikwa kwa mkato mwishoni, kama kwamba unaendelea hadi “Yours”. Huo ni mtindo wa kale, ambapo sentensi ya mwisho ya barua ilimiminika moja kwa moja ndani ya maneno ya kufungia. Wakati huo ulikuwa na adabu. Leo unaonekana kama sentensi iliyosahaulika katikati. Njia mbili zipo. Unaweza kubadilisha mkato kuwa nukta, lakini hapo unabaki na kipande kisicho na mtenda. Au unaigeuza kuwa sentensi kamili, “I look forward to hearing from you.”, yenye nukta yake, halafu unaacha mstari mtupu kabla ya kufunga. Ya pili inashinda.

“Yours Faithfully.” ina makosa matatu katika maneno mawili. Herufi kubwa ya pili haina kazi. Nukta inafunga mlango ambao mwandishi mwenyewe bado hajapita, kwani jina lake liko mstari unaofuata. Mkato ndio unaoliacha liingie. Na “faithfully” hailingani na salamu yenye jina. Mwisho, nukta baada ya “Anna Moss” haihitajiki, maana jina si sentensi.

```
Dear Mr Brown,

I am writing to apply for the post of clerk.

I look forward to hearing from you.

Yours sincerely,
Anna Moss
```

Kama tangazo lile lile lingetoka Marekani, ni vitu vitatu tu vingebadilika: nukta baada ya “Mr”, nukta mbili mahali pa mkato wa juu, na “Sincerely,” mahali pa “Yours sincerely,”. Kingine chote kingebaki kilivyo. Ndiyo maana inafaa kuzihifadhi barua mbili kamili kama vielelezo, moja ya kila upande, kuliko kukariri kanuni moja moja na kuzichanganya wakati wa haraka.

Jambo la mwisho ni la mashine. Simu nyingi hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa kila unapoanza mstari mpya, na hilo linakusaidia kwenye sentensi ya kwanza, lakini halikusaidii kitu kwenye “Kind Regards”: hakuna kikagua tahajia kinachoona kosa hapo, kwa kuwa maneno yote mawili yapo kwenye kamusi. Saini ya kujitokeza yenyewe inaleta shida kubwa zaidi. Watu huweka “Kind regards,” ndani ya saini ili wasiiandike kila mara, kisha mkono kwa mazoea unaandika tena “Regards,” juu yake, na mpokeaji anaagwa mara mbili. Au barua ya malalamiko kwa mtu asiyejulikana jina, iliyofunguliwa vizuri kwa “Dear Sir or Madam,” inafungwa na saini kwa “Cheers,”. Weka kwenye saini jina, cheo na namba ya simu tu. Maneno ya kufungia yaandike kwa mkono, kwa sababu ndiyo yanayobadilika kulingana na salamu.

Ukitumia programu ya barua za maandishi matupu, kitenganishi cha saini kina umbo lake lililotajwa katika waraka wa kiufundi RFC 3676 wa mwaka 2004: vistari viwili na nafasi moja, peke yake kwenye mstari. Nafasi hiyo haionekani kwa macho lakini ndiyo inayoiwezesha programu kuitambua saini na kuiondoa mtu anapokujibu. Maneno ya kufungia na jina lako vikae juu ya kitenganishi, anwani na vyeo chini yake:

```
Yours sincerely,
Anna Moss
-- 
Anna Moss
Clerk
```

Ukiweka “Yours sincerely,” chini ya vistari, programu ya mwenzako inaweza kuikata pamoja na anwani, na barua yako ikabaki imefunguliwa bila kufungwa.